Namna ya Kuizuia Roboti Isifanye Biashara na Bei Maiti

Tarehe 12 Mei 2022, sarafu ya kidijitali iitwayo LUNA ilikuwa inaporomoka mbele ya macho ya dunia nzima. Mtandao wa Chainlink, ambao kazi yake ni kupeleka bei za sokoni kwenye mikataba inayojiendesha ndani ya minyororo ya bloku, ukasimamisha mlisho wa bei ya LUNA ikiwa dola 0.107. Soko halikusimama. Bei ilizidi kuteremka hadi karibu dola 0.01. Venus, huduma ya mikopo iliyokuwa inasoma mlisho huo, iliendelea kukopesha kana kwamba LUNA moja bado ilikuwa na thamani ya senti kumi na zaidi.

Watu wenye macho waliliona pengo hilo upesi. Akaunti mbili ziliweka rehani LUNA zipatazo milioni 230. Kwa bei iliyoganda, rehani hiyo ilihesabiwa kuwa zaidi ya dola milioni 24. Kwa bei ya sokoni ilikuwa kama dola milioni 2.3. Wakakopeshwa mali ya takribani dola milioni 13.5, na Venus ikabaki na shimo la kama dola milioni 11.2. Hakuna nenosiri lililoibwa wala mlango uliovunjwa. Mkataba uliuliza bei, ukajibiwa, ukaamini. Jibu lile lilikuwa na sehemu iitwayo `updatedAt`, inayosema bei iliandikwa lini, na kuisoma hakuhitaji utaalamu wowote.

Hiyo ndiyo bei maiti: namba yenye sura ya bei, iliyokaa mahali pa bei, ambayo hakuna mtu sokoni atakayekuuzia wala kununua kwako kwa kiasi hicho. Mwongozo huu ni wa kuifundisha roboti yako kupima kama bei ina pumzi kabla ya kusalimiana nayo. Nitachukua MetaTrader 5, kwa kuwa ndiyo programu ambayo vijana wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaofanya biashara ya foreksi wameifungua kwenye kompyuta zao, na roboti zake, zile ziitwazo Expert Advisor, zina mitego ya aina yake katika jambo hili.

Kwanza, acha kuiuliza programu swali ambalo haliwezi kukuonya

Roboti ya MT5 hupata bei kwa kuita `SymbolInfoTick`. Ikifaulu hurudisha `true` pamoja na bei ya kununua, bei ya kuuza na muda wa tiki yenyewe. Waandishi wengi huishia kwenye hiyo `true`. Ukweli ni kwamba `true` hiyo inasema tu kuwa kuna tiki ya mwisho inayojulikana. Tiki ya sekunde moja iliyopita italeta `true`, na ya Ijumaa usiku ukiiuliza Jumapili mchana italeta `true` ile ile, kwa adabu ile ile.

Tuseme umeandika roboti inayokaa kwenye chati ya EURUSD na kuchungulia bei ya dhahabu, XAUUSD, ili kupata dalili. Kanuni yake ni hii: yuro ikishuka ghafla wakati dhahabu imetulia, nunua yuro, kwa matumaini kwamba itarudi. Sasa, kwa madalali walio wengi, biashara ya dhahabu hupumzika kwa saa moja kila siku, kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili jioni ya New York, kwa kufuata ratiba ya soko la mikataba ya dhahabu la Marekani. Kwa saa za Afrika Mashariki hiyo ni saa sita hadi saa saba usiku katika miezi ambayo Wamarekani wamesogeza saa zao mbele, na saa saba hadi saa nane katika miezi mingine. Yuro hailali katika saa hiyo.

Saa sita kamili dhahabu inasimama, tuseme kwa 2,650. Saa sita na dakika ishirini na tano yuro inateleza kutoka 1.0850 hadi 1.0838, katika soko jembamba ambalo oda chache tu zinatosha kulisukuma. Roboti inachungulia dhahabu na kuiona pale pale, 2,650, haijatikisika. Inafurahi. Inanunua yuro. Saa saba dhahabu inafunguliwa kwa 2,643, yaani nayo ilikuwa na sababu ya kushuka, ila hapakuwa na mtu wa kuisema. Dalili ambayo roboti iliifuata haikuwahi kuwepo. Ilitengenezwa na ukimya.

Utaona kwamba hapa hakuna kilichoharibika. Intaneti ilikuwa nzima, dalali hakukosea, na `OnTick` ilikuwa inaitwa mara kwa mara kwa sababu tiki za yuro zilikuwa zinaingia. Ndiyo maana nauhofia zaidi mlisho mmoja uliokatika kati ya mingi kuliko kukatika kwa mtandao wote. Mtandao ukikatika wote, MT5 haiwezi hata kutuma oda. Utapata kosa namba 10031 na hakuna biashara mpya itakayofunguliwa. Mlisho mmoja ukifa huku mingine ikiwa hai, oda hupita vizuri kabisa, na roboti huamua kwa jicho moja bovu.

Pili, chagua saa isiyoganda pamoja na bei

Wazo linalomjia kila mtu ni kuchukua muda wa sasa, kutoa muda wa tiki, na kuona umri wake. Wazo ni zuri. Balaa liko kwenye "muda wa sasa".

MT5 ina `TimeCurrent()`, jina linaloshawishi kweli kweli. Lakini inachorudisha ni muda wa seva unaojulikana kwa mara ya mwisho, yaani muda wa tiki ya mwisho iliyopokelewa kwa alama yoyote iliyomo kwenye dirisha la Market Watch. Katika mkasa wetu wa dhahabu ingekusaidia, kwa kuwa tiki za yuro zingeisogeza mbele. Lakini siku bei zote zitakaponyamaza, `TimeCurrent()` nayo itanyamaza. Utatoa muda wa tiki ya mwisho kwenye muda wa tiki ya mwisho, utapata sifuri, na roboti itaandika kwenye kumbukumbu kwamba bei ni mbichi kabisa. Nimeshaona roboti zinazouzwa kwa bei ya kutisha zikiwa na kinga ya namna hii. Haikingi chochote katika saa ambayo kinga inahitajika.

`TimeTradeServer()` ni bora kidogo. Hukadiria saa ya seva kwa kutumia saa ya kompyuta yako, kwa hiyo huendelea kutembea hata bei zikikaa kimya. Ila inategemea saa ya kompyuta kuwa sahihi, na mtu akiibadilisha, au Windows ikijirekebisha yenyewe katikati ya kazi, hesabu yako huruka nayo.

Kwa kupima ukimya napenda `GetTickCount64()`. Hiyo huhesabu milisekunde tangu mashine iwashwe. Haijui tarehe, haijui New York, haibadiliki ukigusa saa ya ukutani ya Windows. Unaiuliza jambo moja tu: tangu nilipoona tiki mpya kwa mara ya mwisho, ni muda gani umepita hapa nilipo? Kipimo hicho hakihitaji makubaliano na seva yoyote.

Tatu, mlinzi asisubiri kuamshwa na mwizi

Hapa ndipo penye kosa ninalolichukia kuliko yote. Mwandishi anaandika ukaguzi mzuri wa umri wa bei, kisha anauweka ndani ya `OnTick`. `OnTick` huitwa tiki mpya inapoingia kwenye chati ambayo roboti imekaa. Bei zikikatika, `OnTick` haiitwi. Ukaguzi wa ukimya umewekwa mahali pasipofikika wakati wa ukimya, sawa na mlinzi aliyeagizwa alale hadi mwizi atakapobisha hodi.

Dawa yake ni kipima muda. Ndani ya `OnInit` unaita `EventSetTimer(1)`, na tangu hapo `OnTimer` itaitwa kila sekunde, tiki ziwepo zisiwepo. Ukaguzi unakaa humo, na `OnTick` inauita ukaguzi huo huo kabla ya kutuma oda yoyote. Kiini chake ni kifupi:

```mql5
input int KikomoMs = 15000;
long  tikiMwisho = 0;
ulong saaMwisho  = 0;

bool BeiNiHai(string alama)
  {
   MqlTick t;
   if(!SymbolInfoTick(alama, t)) return(false);
   if(tikiMwisho == 0)
     {
      tikiMwisho = t.time_msc;
      return(false);
     }
   if(t.time_msc != tikiMwisho)
     {
      tikiMwisho = t.time_msc;
      saaMwisho  = GetTickCount64();
     }
   return(saaMwisho > 0 && GetTickCount64() - saaMwisho <= (ulong)KikomoMs);
  }
```

Sehemu inayoanza na `tikiMwisho == 0` ndiyo watu huifuta wakidhani haina kazi. Bila hiyo, roboti ikiwashwa Jumamosi itaiona tiki ya Ijumaa kwa mara ya kwanza, itaiita mpya kwa sababu haikuwa ikiijua, na itaipa sekunde kumi na tano za uhai. Tiki ya kwanza kabisa haithibitishi lolote. Subiri ya pili, maana kubadilika kwa muda wa tiki ndiko kunakoonyesha kwamba mlisho unatembea. Kama roboti inasoma alama mbili, kila moja inahitaji kumbukumbu yake. Ukitumia `tikiMwisho` na `saaMwisho` hizo hizo kwa yuro na dhahabu pamoja, muda wa tiki utaonekana kubadilika kila unaporuka kutoka alama moja hadi nyingine, na maiti atatembea.

Kipimo hiki kinasema tiki mpya imeingia, hakisemi imesafiri muda gani. Intaneti ikikwama kisha ikafunguka, tiki zilizochelewa zinaweza kuingia kwa mkumbo, kila moja ikiwa mpya kwa roboti na ya zamani kwa soko. Kwa hiyo pima pia tofauti kati ya `TimeTradeServer()` na `t.time`. Usiitake iwe sifuri. Iangalie katika siku za kawaida, ujue huwa ngapi kwenye mashine yako, halafu ukamate inapopanuka.

Kipima muda nacho kina mpaka wake. Roboti moja ya MT5 hufanya kazi zake kwa foleni, moja baada ya nyingine. Ukiita `WebRequest` ndani ya `OnTick` na tovuti ikakawia kujibu, `OnTimer` haitaitwa hadi jibu lirudi. Mlinzi na mwenye nyumba wanatumia miguu ile ile. Ndiyo sababu `Stop Loss` iwekwe pamoja na oda tangu mwanzo: hiyo hukaa kwenye seva ya dalali na hufanya kazi hata kompyuta yako ikizimika. `Trailing Stop` ya kwenye programu si hivyo. Inaishi kwenye kompyuta yako, na kompyuta ikilala nayo inalala.

Nne, kikomo kipimwe, kisikisiwe

Sekunde kumi na tano nilizoandika juu ni za mfano. Yuro dhidi ya dola, saa kumi jioni ya Afrika Mashariki, London na New York zote zikiwa kazini, hutoa tiki mfululizo, na ukimya wa sekunde kumi na tano ni habari mbaya. Alama hiyo hiyo usiku wa manane inaweza kukaa muda kama huo bila tiki na pasiwe na tatizo lolote; hakuna tu aliyebadilisha bei. Kikomo kimoja cha siku nzima kitakuwa legelege mchana au chenye wasiwasi usiku.

Kwa hiyo chukua tiki za wiki tatu au nne kwa `CopyTicksRange`, toa muda wa kila tiki kwenye inayoifuata, na uyapange mapengo kwa saa za siku. Kwa kila saa utaona mapengo mengi madogo na machache marefu. Mimi huchukua pengo refu la kawaida la saa hiyo, nikiacha yale yanayoangukia mapumziko ya soko, kisha nalizidisha mara mbili. Kama roboti yako hushika biashara kwa siku nzima, unaweza kuwa mvumilivu zaidi. Kama inawinda mienendo ya dakika moja, hata sekunde tano za upofu ni nyingi, na ni heri isimame mara kwa mara bila sababu kuliko ikose kusimama mara moja.

Ratiba ya soko usiikisie pia. `SymbolInfoSessionQuote` hukupa saa ambazo dalali wako hutoa bei za alama fulani, siku kwa siku. Itumie kutenganisha ukimya unaotarajiwa na usiotarajiwa. Kwa roboti, yote mawili yanamaanisha kusimama. Kwako wewe, ni hili la pili tu linalostahili kukuamsha usingizini.

Tano, kusimama ni kazi, si kukaa tu

Roboti nyingi "zikisimama" huacha tu kufungua biashara mpya, na oda zilizotangulia zinabaki zikining'inia kwenye seva. Oda ya `Buy Limit` iliyowekwa kwa hesabu za dhahabu ya saa sita itajazwa saa saba bila kuomba ruhusa yako. Kusimama kwa kweli kunaanza na kuzifuta oda hizo. Nazo kuna saa hazifutiki: soko la alama ya oda likishafungwa, madalali wengi hurudisha kosa 10018 na oda inabaki. Basi, kwa mapumziko unayoyajua, futa dakika kadhaa kabla ya kengele. Kwa ukimya wa ghafla, jaribu kufuta, soma jibu, rudia hadi likubaliwe, na usiandike kwenye kumbukumbu "nimefuta" kabla seva haijasema hivyo.

Biashara iliyokwisha kufunguliwa ni suala jingine, na hapa natofautiana na wanaosema funga yote mara moja. Kufunga kwa bei ya soko wakati hujui bei ya soko ni kufanya kile kile tulichokusudia kukizuia. Ikiwa `Stop Loss` iko kwenye seva na ukubwa wa biashara ulipangwa kwa akili, iache. Ujue tu kwamba soko likifunguka kwa kuruka, `Stop Loss` itatekelezwa kwa bei itakayopatikana, na hiyo inaweza kuwa mbaya kuliko uliyoandika.

Kurudi kazini nako kunataka subira. Tiki ya kwanza baada ya ukimya ndiyo yenye hatari kubwa: tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza huwa imepanuka, na vipimo vya roboti bado vimejaa bei za kabla ya pengo. Nataka tiki ziendelee kuingia kwa nusu dakika au zaidi, na tofauti hiyo irudi kwenye kiwango chake cha kawaida cha saa hizo. Kisha roboti isome upya baa zake kwa `CopyRates` na ihesabu upya biashara zilizo wazi kwa `PositionsTotal`, kwa sababu mojawapo inaweza kuwa imefungwa na `Stop Loss` wakati yenyewe ikiwa kipofu. Roboti inayodhani bado ina biashara ambayo haipo itaanza kuilinda, na hapo utapata oda ambazo hutaweza kuzieleza.

Sita, jaribu kwa ukimya halisi

Strategy Tester haitakusaidia sana hapa. Inacheza tiki za zamani moja baada ya nyingine, na mlisho wake haukatiki. Roboti inaweza kufaulu majaribio ya miaka mitano bila kukutana na hali hii hata mara moja.

Soko lenyewe hukupa jaribio la bure. Fungua akaunti ya majaribio, weka roboti kwenye chati ya EURUSD ikiisoma dhahabu, zima kwa muda ule ukaguzi wa ratiba ili ukimya uonekane kama wa ghafla, na uiache ipite kwenye mapumziko ya dhahabu ya usiku wa Jumatatu hadi Alhamisi. Andika kwa `Print` kila hali inapobadilika. Asubuhi fungua kichupo cha Experts na usome. Unatafuta mstari wa kusimama uliokuja baada ya kikomo ulichoweka kupita tangu tiki ya mwisho ya dhahabu, si dakika kumi baadaye. Majibu ya seva kuhusu kila oda iliyofutwa. Ukimya kamili wa oda mpya katika saa nzima. Na mstari wa kurudi kazini uliochelewa kidogo baada ya tiki ya kwanza. Ukikuta roboti ilisimama na kurudi mara thelathini katika saa ambazo dhahabu ilikuwa inafanya biashara, kikomo chako ni kifupi mno kwa saa hizo. Ukikuta haikusimama kabisa, angalia kwanza kama ukaguzi wako unasoma dhahabu au unaisoma yuro, maana `_Symbol` ndani ya msimbo humaanisha alama ya chati iliyokaliwa na roboti, na wengi huiacha pale bila kufikiri.

Jaribio la pili ni la kuchomoa intaneti mchana soko likiwa wazi, uiache dakika mbili, uirudishe. Hapo utaona kama `OnTimer` iliendelea kuandika, na kama taarifa ya simu uliyoipanga kwa `SendNotification` ilifika. Haitafika, kwa sababu inapita kwenye intaneti ile ile uliyoichomoa. Kwa hiyo mwite mlinzi wa nje: roboti itume neno la "niko hai" kila dakika kwenye mashine nyingine, na mashine hiyo ndiyo ikupigie kelele neno hilo likikosekana.